Mwongozo kamili: jinsi ya kulipata fungu la kampuni lililojificha ndani ya odi za pande mbili

Soko lina odi mbili tu: 1.90 upande huu, 1.90 upande ule. Kampuni inajikatia asilimia ngapi hapo?

Nimewauliza watu wengi wanaobeti kila wiki, na majibu huwa matatu. Wa kwanza husema asilimia 10, kwa sababu 2.00 ukitoa 1.90 inabaki 0.10. Wa pili, aliyewahi kusoma kidogo, husema 5.26. Wa tatu husema haiwezekani kujua, kwa kuwa hakuna makato yoyote yaliyoandikwa kwenye tiketi. Jibu ni asilimia 5 kamili, na ukiielewa njia ya kulipata unaweza kuipima odi yoyote ya pande mbili kwa nusu dakika.

Katika mwongozo huu nitaliita kato hilo fungu la kampuni. Maana yake ni sehemu ya kila dau ambayo kampuni imejitengea tangu kabla mechi haijaanza.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

Unahitaji kikokotoo cha simu, karatasi ya kuandikia, na odi mbili zinazotimiza masharti manne: ziwe za kampuni moja, za mechi moja, za mstari mmoja, na uwe umezisoma kwa wakati mmoja.

Masharti hayo manne ndiyo yanayowaangusha watu kabla hata ya hesabu kuanza. Ukichukua ova 2.5 ya kampuni moja, yaani magoli matatu au zaidi, na anda 2.5 ya kampuni nyingine, yaani magoli mawili au pungufu, utapata namba, lakini haitakuwa fungu la yeyote kati yao. Ukisoma ova asubuhi na anda jioni, katikati hapo odi imeshahama. Ukilinganisha ova 2.5 na anda 3.5, umeacha mchezo wenye magoli matatu ukahesabiwa pande zote mbili.

Jihadhari pia na odi iliyoongezwa kwa ajili ya ofa. Kampuni ikiinua upande mmoja kwa muda, fungu utakalopata litaonekana dogo mno, huku masoko yao mengine yakiwa palepale. Tumia odi ya kawaida, ile iliyokuwepo kabla ya ofa.

Hesabu zote hapa ni za odi za desimali, yaani zile ambazo malipo yake tayari yana dau lako ndani. Ukikuta soko limeandikwa 0.90 na 0.90, hizo ni odi zisizo na dau. Ongeza 1 kila upande kwanza. Ukikuta sehemu kama 10/11, gawanya kisha uongeze 1, utapata 1.909. Ile ya Kimarekani ya −110 ni kitu hichohicho: unaweka 110 ili upate faida ya 100, kwa hiyo ni 100 gawanya kwa 110, ongeza 1.

## Fungu limefichwa wapi

Tuseme pande mbili zina nafasi sawa kabisa, nusu kwa nusu. Odi ya haki ni 2.00: ukiweka 1,000 na kushinda, unapokea 2,000. Mkicheza watu wawili, kila mmoja na 1,000 yake, aliyeshinda anabeba 2,000 yote na hakuna kilichopotea njiani.

Sasa kampuni inakaa katikati na kuandika 1.90. Aliyeshindwa anapoteza 1,000, kama ambavyo angeipoteza kwa mwenzake. Aliyeshinda anapokea 1,900. Ile 100 iliyobaki ndiyo fungu.

Angalia limetoka kwa nani. Limekatwa kwenye mkono wa aliyeshinda. Ndiyo maana halionekani: mtu aliyeshinda anafurahia 1,900 aliyoipata na haulizi ile 100 ilikwenda wapi, na aliyeshindwa anajua alishindwa kwa sababu timu yake ilifungwa. Hakuna kati yao anayeona kato.

Shika hili la mshindi kulipwa pungufu. Hatua zote zinazofuata zinapima kitu hicho kimoja.

## Hatua ya 1: Hakikisha soko lina pande mbili kweli

Soko la pande mbili ni lile ambalo lazima upande mmoja ushinde na mwingine ushindwe, bila njia ya tatu. Ova 2.5 na anda 2.5 ni hivyo, kwa sababu magoli mawili na nusu hayapo. Mshindi wa mechi ya tenisi ni hivyo. Timu zote kufunga, ndiyo au hapana, ni hivyo.

Mshindi wa mechi ya soka ndani ya dakika 90 siyo, kwa kuwa sare ipo. Hapa ndipo mdogo wangu alipokwama siku tulipokaa pamoja kufanya hesabu hizi. Alichukua ushindi wa nyumbani 2.10 na ushindi wa ugenini 3.60, akagawanya, akajumlisha, kisha akanigeukia kwa mshangao.

"Kaka, hawa wanapoteza hela. Imetoka 75."

Ilikuwa kweli imetoka 75.4, lakini alikuwa ameacha sare ya 3.30 nje ya hesabu. Alipoiingiza, jumla ikapanda hadi 105.7.

Hiyo ndiyo alama ya kuikumbuka: jumla ikitoka chini ya 100 kwa odi za kampuni moja, usifurahi. Karibu kila mara kuna tokeo ulilolisahau, au umesoma odi vibaya.

Kuna jozi moja nzuri ambayo wengi hawaioni. Ukichukua 1X, yaani nyumbani ashinde au sare, ukaiweka dhidi ya 2, yaani ugenini ashinde, hizo ni pande mbili kamili ingawa zimeandikwa kwenye masoko tofauti. Unaweza kuzipima kwa njia hii hii.

## Hatua ya 2: Geuza kila odi kuwa uwezekano

Kila odi ni uwezekano ulioandikwa kwa kupinduliwa. Gawanya 1 kwa odi.

Kwa mfano wetu wa kudumu nitatumia soko hili: ova 2.5 ina odi 1.72, na anda 2.5 ina odi 2.05.

1 ÷ 1.72 = 0.5814
1 ÷ 2.05 = 0.4878

Kwa hiyo odi ya ova inasema "asilimia 58.14" na ya anda inasema "asilimia 48.78". Sababu ya kugawanya ni rahisi ukiifikiria hivi: ukibeti kwa 1.72, unahitaji kushinda mara 58.14 katika kila 100 ili hela yako irudi kama ilivyokuwa. Chini ya hapo unapoteza, juu ya hapo unapata. Odi imekupa kiwango chako cha kutoka bure.

Acha tarakimu nne baada ya nukta. Ukikata mapema utajidanganya, hasa kwenye masoko yenye fungu dogo. Chukua odi 1.97 na 1.93. Kwa tarakimu nne unapata 0.5076 na 0.5181, jumla 1.0257. Ukikadiria kuwa 51 na 52, jumla inakuwa 103, na ziada yako imepanda kutoka 2.57 hadi 3 bila kampuni kubadilisha chochote.

## Hatua ya 3: Jumlisha, uone ziada

0.5814 + 0.4878 = 1.0692

Kama odi zingekuwa za haki, jumla ingekuwa 1 kamili, kwa sababu ni hakika kwamba mojawapo ya pande mbili itatokea. Hapa imezidi kwa 0.0692, sawa na asilimia 6.92. Hiyo ndiyo ziada.

Ukiifanya sawasawa, kwenye soko la kawaida utaona jumla iliyo juu kidogo ya 1. Ukiona 1.02 au 1.03, soko hilo ni jembamba. Ukiona 1.08 na kuendelea, ni nene. Ukiona 1.30, rudi hatua ya kwanza ukague mistari, maana huenda umeoanisha vitu viwili visivyo jozi.

Watu wengi wanasimama hapa na kusema "kampuni inakula 6.92". Bado hatujafika.

## Hatua ya 4: Toka kwenye ziada, uende kwenye fungu

Ziada na fungu vinafanana kwa sura lakini havijibu swali moja. Turudi kwa wale wawili wa 1.90.

Waliweka jumla ya 2,000. Kampuni ililipa 1,900 na kubaki na 100. Ukichukua ile 100 ukaigawa kwa 1,900 iliyolipwa, unapata asilimia 5.26, na hiyo ni ziada. Ukiigawa kwa 2,000 iliyoingia, unapata asilimia 5, na hilo ni fungu. Hela ni ileile. Kilichobadilika ni unachokigawia.

Anayeweka dau anataka kujua katika kila hela anayotoa mfukoni inakatwa ngapi, kwa hiyo namba yake ni ya pili. Kulipata fungu, gawanya 1 kwa ile jumla, kisha utoe jibu kutoka 1.

1 ÷ 1.0692 = 0.9353
1 − 0.9353 = 0.0647

Fungu kwenye soko letu la ova na anda ni asilimia 6.47. Na ile 0.9353 ina maana yake: katika kila 100 zinazoingia, 93.53 zinarudi kwa wachezaji.

Kuna njia ya mkato isiyohitaji kugeuza odi kabisa. Zidisha odi mbili, gawanya kwa jumla yao, kisha utoe kutoka 1:

1.72 × 2.05 = 3.526
1.72 + 2.05 = 3.77
3.526 ÷ 3.77 = 0.9353

Tumefika palepale. Mimi hutumia mkato huu kukagua hesabu ya kwanza. Zikitofautiana, najua nimebonyeza namba vibaya mahali fulani.

Ukitaka kufanya hivi kwa mechi nyingi, weka odi mbili kwenye A2 na B2 za jedwali la kompyuta. Mstari wa kwanza hapa chini unatoa ziada, wa pili unatoa fungu:

```
=1/A2+1/B2-1
=1-(A2*B2)/(A2+B2)
```

Ziweke seli za majibu kwenye muundo wa asilimia wenye nafasi mbili baada ya nukta. Ukilinganisha kampuni, linganisha fungu kwa fungu au ziada kwa ziada. Nimeona watu wakisema kampuni fulani ni ghali kwa sababu walipima ziada yake, kisha wakapima fungu la nyingine.

## Hatua ya 5: Jithibitishie kwa dau

Hesabu ya asilimia mtu anaweza kuifuata bila kuiamini. Hivyo fanya jaribio hili kwenye karatasi, usiweke hela yoyote.

Jifanye unabeti pande zote mbili kwa jumla ya 10,000, ukigawa dau ili upokee kiasi kilekile upande wowote utakaoshinda. Sehemu ya ova ni 0.5814 ukigawa kwa 1.0692, ukizidisha kwa 10,000. Inatoka 5,438. Anda inabaki na 4,562.

Magoli yakizidi mawili: 5,438 × 1.72 = 9,353.
Yasipozidi: 4,562 × 2.05 = 9,352.

Umeweka 10,000, na vyovyote mechi itakavyokwisha unapokea kama 9,353. Umepoteza 647 bila kukosea utabiri wowote. Ndiyo ile 6.47, sasa ikiwa hela unayoweza kuihesabu.

Kama kiasi unachopokea kinatofautiana sana kati ya pande hizo mbili, umegawa dau vibaya. Tofauti ya moja au mbili ni ya kukata tarakimu tu.

Jambo moja lieleweke. Kampuni inapata fungu hili kwa uhakika pale tu madau yanapoingia kwa uwiano huo. Wachezaji wakimiminika upande mmoja na upande huo ukashinda, kampuni inaweza kupoteza kwenye mechi hiyo. Fungu ni kiasi ilichojitengea kwenye bei. Usilichukulie kuwa ni ripoti ya ilichokipata usiku ule.

## Hatua ya 6: Tafuta odi ya haki, na ujue inapodanganya

Ukishakuwa na jumla, kuipata odi ya haki ni kuzidisha tu. Odi uliyopewa mara jumla:

1.72 × 1.0692 = 1.839
2.05 × 1.0692 = 2.192

Yaani kama kampuni isingejikatia chochote, ova ingekuwa takriban 1.84 na anda 2.19. Kipimo cha kujua umefanya vizuri: geuza odi hizo mpya kuwa uwezekano, nazo zitajumlika kuwa 1.

Hapa lakini tumefanya dhana bila kuitaja. Tumechukulia kwamba kampuni imekata kwa uwiano sawa pande zote mbili. Pande zinapokaribiana dhana hiyo haina madhara makubwa. Zikiachana sana, inaweza kukupotosha vibaya, na hapa ningeomba usome taratibu.

Chukua mechi ya tenisi: anayepewa nafasi ana odi 1.10, mnyonge ana 7.00.

1 ÷ 1.10 = 0.9091
1 ÷ 7.00 = 0.1429
Jumla ni 1.0519 na fungu ni asilimia 4.94.

Linaonekana soko la kawaida. Kwa njia ya kuzidisha, odi ya haki ya mnyonge ni 7.36, na kila upande unakatwa ileile 4.94.

Sasa tuchukulie kwamba kampuni imegawa ziada nusu kwa nusu, ikaongeza asilimia 2.6 kwenye uwezekano wa kila mchezaji. Toa 0.026 kila upande. Anayepewa nafasi anabaki na 0.8831, mnyonge anabaki na 0.1169. Odi za haki zinakuwa 1.132 na 8.556.

Linganisha na odi zilizoandikwa. Anayebeti kwa 1.10 wakati haki ni 1.132 anakatwa karibu asilimia 2.9. Anayebeti kwa 7.00 wakati haki ni 8.556 anakatwa asilimia 18.2. Soko moja, fungu moja la 4.94, lakini mmoja analipa zaidi ya mara sita ya mwenzake kwa kila hela anayoweka.

Ipi kati ya njia hizi mbili ni ya kweli? Odi mbili peke yake haziwezi kukuambia. Kinachojulikana, na kimechunguzwa sana tangu kwenye mbio za farasi, ni kwamba mara nyingi wanyonge hulipwa pungufu kuliko wanavyostahili, kwa hiyo kuamini kwamba pande zote zimekatwa sawa ni kujipa moyo. Mwanauchumi Hyun Song Shin aliwahi kutoa njia ya kuondoa fungu inayozingatia wabetiji wenye taarifa za ndani, na kwenye soko la pande mbili njia yake inatoa jibu lilelile la kutoa nusu kwa nusu.

Kwa kazi ya kila siku mimi hufanya zote mbili. Kwenye soko letu la ova na anda, kutoa nusu kwa nusu kunaleta 1.829 na 2.207, badala ya 1.839 na 2.192. Tofauti ni ndogo, basi nachukua yoyote. Zikiachana kama 7.36 na 8.56, najua kwamba sina odi ya haki. Nina uwanda ambao odi ya haki iko mahali ndani yake, na upande wa mnyonge siugusi kwa kutegemea namba ya kwanza.

## Pale dau linaporudi

Kuna masoko yenye odi mbili ambayo yana njia ya tatu iliyofichwa: dau kurudishwa. "Sare dau linarudi" ni mojawapo. Ova 2 na anda 2 pia, maana yakiingia magoli mawili hasa, wote mnarudishiwa hela.

Hapo hesabu ya hatua ya 4 bado inafanya kazi, lakini inapima fungu la hela iliyocheza kweli. Ukitaka fungu la kila dau lililowekwa, punguza kwa nafasi ya dau kurudi.

Tuseme sare dau linarudi, odi 1.90 na 1.90, na unakadiria sare ina nafasi ya asilimia 27. Katika kila 10,000 zinazowekwa, kwa wastani 2,700 zinarudi kama zilivyokuja. Zilizobaki kucheza ni 7,300, na asilimia 5 yake ni 365. Fungu kwa kila dau ni asilimia 3.65.

Kwa hiyo usilinganishe 5 ya soko hili na 5 ya ova 2.5 ukadhani unalipa sawa. Nafasi ya sare unaweza kuikadiria kutoka kwenye odi ya sare ya kampuni hiyohiyo, ukiondoa kwanza fungu la soko la pande tatu: gawanya 1 kwa odi ya sare, kisha ugawe jibu kwa jumla ya zote tatu.

## Namba hii ikiingia kwenye mkeka

Fungu ulilolipima ni la mechi moja. Ukiunganisha mechi kwenye mkeka, odi zinazidishwa, na upungufu ulio ndani ya kila odi unazidishwa pamoja nazo. Usijumlishe mafungu, chukua kile kinachorudi kwa wachezaji kwenye kila mechi, ukizidishe.

Chukua mechi tano zisizohusiana, kila moja nusu kwa nusu, kila moja kwa odi 1.90. Kinachorudi kwenye mechi moja ni 0.95. Zidisha 0.95 mara tano, unapata 0.774. Fungu la mkeka mzima ni asilimia 22.6.

Au itazame kwa odi. Mkeka huo unaandikwa 24.76. Odi ya haki ya kupatia matokeo matano ya nusu kwa nusu ni 32. Ukiweka 1,000 na mechi zote tano zikaingia, unapokea 24,760 mahali ulipostahili 32,000.

Kwa mechi kumi za namna hiyo, odi ya haki ni 1,024. Mkeka utaandikwa 613.